Pesa imekatwa saa tano na dakika 58, fomu imefungwa, mtoto yuko wapi?

"Mwalimu habari za kazi. Niko Arua. Jana ilikuwa siku ya mwisho kusajili watoto mashindano ya chesi Kampala, waliandika mwisho 11:59 PM. Nilifunga duka saa tatu, nyumbani umeme hakuna, nikaanza fomu kwenye simu saa tano na nusu usiku. Kwanza sikujua binti nimuweke U12 ama U14 kwa sababu alifikisha miaka 12 mwezi wa tatu. Picha ikakataa mara mbili. Nikalipa 40,000, meseji ya pesa kukatwa iliingia saa tano na dakika 58, lakini ukurasa ukazunguka weee halafu ukaandika Registration closed. Namba ya usajili sijapata. Walifunga mapema? Nilipe tena na laini ya mume wangu? Ama mtoto ndo amekosa? Mashindano ni Jumamosi ya wiki ijayo."

Mama, kwanza usilipe tena. Weka hiyo simu ya mzee chini kabisa. Ukilipa mara ya pili na laini yenye jina lingine hautaongeza nafasi ya mtoto, utaongeza tu fujo, na nitakuonyesha kwa nini maana nimeshaona ikitokea. Pili, kwa hayo uliyoandika mi naona binti hajakosa, ila hajaingia pia. Yuko katikati, na kumtoa hapo katikati ni kazi ya leo, sio ya Alhamisi.

Hilo la kufunga mapema karibu kila mzazi huniuliza, na mara nyingi sana sio kweli. Usiku ule kulikuwa na saa tatu tofauti zinatembea. Kuna saa ya simu yako, ambayo kama mtu aliiseti kwa mkono inaweza kuwa nyuma dakika tatu nne bila wewe kujua. Kuna saa ya seva, yaani ile kompyuta inayopokea fomu, na hiyo ndo hakimu. Halafu kuna saa ya mobaili mani, ambayo inaandika dakika pesa ilipotoka kwako. Seva haijali ulifungua fomu saa ngapi. Wazazi husema "lakini nilikuwa tayari ndani", nawaelewa kabisa, ila kwa mashine kuwa ndani ya fomu ni kama kusimama mlangoni na bahasha mkononi, mpaka bahasha ifike mezani ikiwa imekamilika haijapokelewa. Wewe bahasha yako ilifika nusu. Fomu ilifika, pesa ilitoka, lakini habari ya pesa ilichelewa njiani.

Ngoja nikusimulie mama mmoja wa Mbale, hii niliiona mwenyewe kwa sababu usiku huo mi ndo nilikuwa nakaa na kompyuta ya usajili, na kesho yake alikuja kunieleza upande wake na mtoto kamshika mkono. Nikaweka maelezo yake pembeni ya kumbukumbu za seva, dakika kwa dakika, na ndo nikaelewa vizuri jinsi dakika ishirini zinavyoweza kuyeyuka.

Alifungua ukurasa saa tano na dakika 38. Mtoto wa kiume, kalala karibu, anamuuliza "umesajili?" kila baada ya dakika mbili na mama anajibu bado, lala. Swali la kwanza lililomkwamisha ni hilo hilo lako la umri. Mtoto alikuwa kashatimiza 12 mwaka huo, mama akaona sio haki kumweka U12, akachagua U14, akaenda mbele, roho ikamsuta, akarudi nyuma, na kurudi nyuma kukafuta kila kitu alichojaza. Dakika saba zimekwenda. Na jibu lenyewe ni dogo. Katika chesi ya watoto, kwa utaratibu wa shirikisho la dunia FIDE, umri hauhesabiwi siku ya mashindano, unahesabiwa tarehe 1 Januari ya mwaka huo. Kama tarehe 1 Januari mtoto alikuwa bado hajapita siku yake ya kutimiza 12, basi ni U12 mwaka mzima hata kama keki imeliwa mwezi wa tatu. Kwa mwaka 2026 kwa mfano, U12 ni waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 2014. Kwa hiyo binti yako ni U12, isipokuwa kama tangazo lenyewe limeandika hesabu nyingine, maana mashindano madogo ya shule wakati mwingine yanajiwekea ya kwao. Angalia ulichagua nini mwisho, utakihitaji chini huku.

Turudi Mbale. Saa tano na dakika 46 anaweka picha ya pasipoti ya mtoto. Alimpiga picha pale pale na tochi, simu nzuri, picha ya megabaiti 4 na kidogo. Fomu ilikuwa inataka isizidi megabaiti 1. Sasa sikiliza huu ujinga, na ni ujinga wa sisi tunaotengeneza fomu sio wa mama. Fomu nyingi hazipimi picha ikiwa bado kwenye simu, zinaiacha isafiri nzima mpaka kwenye seva ndo seva iseme hapana. Picha ya megabaiti 4.2 ni kama megabiti 34, na data ya usiku kwenye simu iliyoshika mnara mmoja labda inapandisha nusu megabiti kwa sekunde, gawa hapo, ni sekunde 68 za kungoja ili uambiwe imekataa. Akajaribu tena ile ile, akidhani ni mtandao. Sekunde 68 nyingine. Mara ya tatu mtoto mwenyewe, ambaye hakuwa amelala hata kidogo, akamwambia mama jitumie kwenye wasapu halafu chukua ile iliyorudi. Wasapu ikituma picha kwa njia ya kawaida inaikandamiza, iliporudi ilikuwa kama kilobaiti 300, ikapanda kwa sekunde tano. Hiyo mbinu iweke akilini. Ila usitume kama dokumenti wala kwa ubora wa juu, hapo haipungui.

Saa tano na dakika 55 akabonyeza kulipa. Hapa ndo pana mambo, na hapa ndo kesi yako ilipo.

Ukibonyeza kulipa, seva haichukui pesa kwako. Inaandika jina la mtoto kwenye daftari lake na alama ya `PENDING`, halafu inaiomba kampuni ya kati, ile inayounganisha tovuti na mobaili mani, ikuletee kile kidirisha cha kuweka namba ya siri. Unaweka namba, mtandao wa simu unakata pesa na kukutumia meseji hapo hapo. Lakini meseji hiyo ni ya kwako wewe. Seva inangoja habari yake kutoka kwa kampuni ya kati, na siku ya mwisho usiku kila mzazi wa Uganda kaamka dakika zile zile, foleni inakuwa ndefu. Habari ikifika, alama inageuka `PAID` na ndo namba ya usajili inazaliwa. Yule mama meseji yake ilisema saa tano na dakika 58. Habari yake kwenye seva yetu iliingia `00:01:12`. Katikati ya hapo saa sita iligonga na fomu ikajifunga, ikamwonyesha maneno yale yale uliyoyaona wewe.

Mfumo uliotengenezwa vizuri unazuia fomu mpya saa sita lakini unawaacha walio `PENDING` wamalizie, tena unaangalia pesa ilitoka saa ngapi na sio habari ilifika saa ngapi. Wetu haukuwa hivyo, aliyeuandika aliweka kufuli mahali pabaya, kila kilichoingia baada ya saa sita kilitupwa kwenye kapu moja la waliochelewa, wa dakika moja na wa masaa mawili sawa tu. Kosa la kibinadamu, hakuna mtu aliyekula pesa. Asubuhi tulikuta majina kadhaa ndani ya kapu tukawa tunayapitia moja moja kwa mkono.

Na hapo ndo fujo ya laini ya pili. Yule mama aliona ukurasa unazunguka tu, akashika simu ya mumewe, akafungua fomu upya kabla saa sita haijagonga, akaja kulipa tena saa sita na dakika 2. Kwa hiyo mezani kwetu kukawa na mtoto mmoja mara mbili, moja U14 moja U12, malipo mawili ya majina mawili tofauti, moja kabla ya muda na moja baada. Mwenzangu aliyeshika orodha alianza na ile ya mwisho, akaona saa sita na dakika 2, akaandika kachelewa. Ilibidi mama aje mwenyewe na simu zote mbili ndo tukaigundua ile ya kwanza. Mtoto alicheza, na pesa ya pili ilirudi baada ya kama wiki mbili. Lakini angelala tu usiku ule na meseji yake moja tungemkuta kwenye kapu kabla ya chai.

Sasa wewe. Fungua ile meseji ya mobaili mani usiifute, humo kuna namba ndefu ya muamala, hiyo ndo kila kitu. Skrinshoti ya ukurasa uliogoma ni nzuri kama unayo, ila mtu yeyote anaweza kuipiga muda wowote, saa inayoonekana juu ni ya simu yako, kwa hiyo mwandaaji hataitegemea. Namba ya muamala anaweza kuitafuta kwenye ripoti yake mwenyewe na kuona dakika na sekunde. Kama meseji imepotea, piga menyu ya mobaili mani, `*165#` kwa MTN ama `*185#` kwa Airtel, uitafute kwenye taarifa za akaunti yako. Na ukiwa hapo hakikisha salio kweli limepungua, maana kuna usiku pesa inakatwa halafu inarudi yenyewe baada ya muda mfupi, na kama imerudi basi kesi yako ni nyingine, hujalipa, na nitakuja kwa hilo.

Halafu andika leo, kwa anwani au namba iliyo kwenye tangazo lenyewe, sio kwenye grupu la wazazi. Grupu utapata pole nyingi na ushauri wa kulipa tena. Andika fupi, kitu kama hiki:

"Habari. Naomba mnitazamie usajili wa mtoto (majina kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa), amezaliwa tarehe fulani, kundi U12. Nililipa 40,000 kwa namba hii ya simu saa 5:58 usiku kabla ya kufunga, namba ya muamala ni hii. Sikupata namba ya usajili. Naomba mniambie kama amepokelewa, na kama kundi limeandikwa U14 mlirekebishe."

Inatosha. Habari za umeme na duka ziache, sio kwamba hawana huruma, ila anayesoma ana meseji nyingi na anachotafuta ni namba tu. Na hiyo saa iandike pia kwa tarakimu za kizungu, 11:58 PM, kwa sababu sisi tukisema saa tano yeye anaweza kuona 5 akatafuta kwenye malipo ya jioni asiyaone. Nacheka lakini imetokea. Kuna na ndugu yake huyo shetani, tangazo likiandika tarehe 15 saa 12:00 AM, watu wanajipanga kwa usiku wa tarehe 15, kumbe hiyo ni saa sita ya usiku wa kuamkia 15, yaani tarehe 14 ukienda kulala ndo mwisho. Kwako waliandika 11:59 PM kwa hiyo hapo hakuna utata.

Kwa nini nasema leo? Kwa sababu ya namna chesi inavyopangwa. Mashindano mengi ya watoto yanachezwa kwa mfumo wa Uswisi, hakuna anayetolewa, kila raundi unakutana na mwenye pointi kama zako. Raundi ya kwanza orodha inapangwa kuanzia mwenye kiwango cha juu mpaka wa mwisho, inakatwa katikati, wa kwanza wa juu anakutana na wa kwanza wa nusu ya chini. Wakiwa 40, namba 1 anacheza na namba 21, namba 2 na 22, hivyo hivyo. Kabla orodha haijakatwa kuongeza jina ni kubonyeza mara moja. Ikishakatwa na kubandikwa, kuongeza jina kunaweza kuhamisha wengi, na wazazi wa wale waliohamishwa watapiga kelele, kwa hiyo mwamuzi atakuwa mgumu na ana haki.

Lakini kuna kitu wazazi hawakijui. Wakiwa namba shufwa, mfano 40, binti yako anawafanya 41, mtu mmoja anabaki bila mpinzani kila raundi na kwa kawaida anapewa pointi ya bure, mwandaaji hapendi hiyo. Ila wakiwa 41 tayari, binti yako ndo anayeziba pengo, anawaondolea kero. Kwa hiyo ukimpata kwa simu uliza kwa upole, "U12 mmekuwa wangapi?" Akikwambia namba witiri, una neno la kusema. Sio haki yako, ni ombi, ila ombi lenye faida kwake husikilizwa haraka.

Kama utakuta pesa ilirudi, au namba ya muamala inaonyesha ilikatwa baada ya saa sita, hapo nisikudanganye, umechelewa kwa kanuni yao na wakikataa hawajakuonea. Unaweza kuomba usajili wa kuchelewa, baadhi wanaukubali kwa ada ya juu, wengine wanamruhusu mtoto aingie raundi ya pili akiwa amepoteza ya kwanza. Kwa mtoto wa miaka 12 kuanza nyuma pointi moja kwenye Uswisi sio mwisho wa dunia, raundi ya pili atakutana na waliopoteza, wapinzani laini kidogo. Ila kama mashindano yanachagua timu basi hiyo pointi inauma, mwambie kabla asije kujua ukumbini.

Wape siku mbili za kazi. Wakikaa kimya nenda mwenyewe, ama kama Kampala ni mbali tuma ndugu aliye huko, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto na simu iliyolipa, sio skrinshoti ya simu. Kama wao wanasema hawajaona pesa kabisa na kwako imekatwa, basi tatizo liko kwa mtandao, nenda kwenye duka la huduma la mtandao wenyewe hapo Arua mjini ukiwa na kitambulisho cha taifa. Wakala wa kibanda hawezi kufuatilia malipo ya aina hiyo, atakupotezea asubuhi. Na akikupigia mtu yeyote anasema yeye ni wa mashindano anataka namba yako ya siri ili "akurudishie", kata simu. Kurudisha pesa hakuhitaji namba yako ya siri hata siku moja.

Wakikujibu, angalia vitu viwili tu kabla ya kufurahi: jina limeandikwa kama kwenye cheti, na kundi ni U12. Yule wa Mbale tulimrudisha kwenye orodha akiwa bado U14, akaligundua yeye mwenyewe Ijumaa jioni karatasi ikiwa imeshabandikwa, na ilibidi nimtafute mwamuzi anayekula chapati nje.